Simu Mpya, WhatsApp Tupu: Hapa Ndipo Meseji Zako Hupotelea

Umenunua simu mpya, umedunga laini, umepokea ile kodi ya nambari sita na WhatsApp imefunguka. Grupu zako ziko, majina ya watu yako, lakini ukifungua chati yoyote ni peupe kama pochi ya tarehe ishirini. Wasee wengi wakifika hapo husema WhatsApp imekula meseji zao. Haijakula. Ukweli ni kwamba haikuwa nazo.

Hii ndiyo kitu watu hawaambiwi. Gmail huweka barua zako kwa kompyuta za Google, kwa hivyo ukiingia na simu yoyote, hata ya beshte, unazipata zote. WhatsApp haifanyi hivo. Meseji ikitumwa inapita kwa seva yao, inafika kwa simu yako, na ikishafika, yaani zile tiki mbili, seva inaifuta. Kama simu yako imezima, seva inaikalia hadi siku 30 ikikungoja. Usipotokea, inaitupa. Hiyo miaka yako yote ya stori, picha za mtoi na sauti ya shosho akikuombea kabla ya mtihani viko mahali pamoja tu, ndani ya hiyo simu unashika. Simu ikihepa, vyote vimehepa nayo, isipokuwa kama kuna nakala ilikuwa imewekwa kando. Hiyo nakala ndiyo bekapu.

Na bekapu si bomba inayomwaga meseji kila saa. Ni kama picha. Inapigwa siku fulani, saa fulani, na inashika tu kile kilikuwa kwa simu wakati huo. Ukiirudisha, unarudi siku ile picha ilipigwa. Kwa hivyo swali la kujiuliza si kama uko na bekapu. Swali ni bekapu yako ni ya lini.

Kwa simu za Android picha hizi ni mbili. Ya kwanza WhatsApp huipiga yenyewe kila usiku saa nane na kuiacha ndani ya simu hiyo hiyo. Inasaidia ikiwa apu imeharibika au umeifuta kwa bahati mbaya. Lakini kama simu imeibiwa au imeanguka ndani ya choo ya ocha, nakala hiyo nayo iko kwa mwizi au iko chini huko. Ya pili ndiyo hutoka nje ya simu, inaenda kwa akaunti yako ya Google. Hiyo ndiyo ya kukuokoa.

Fungua WhatsApp sai uangalie. Enda `Settings`, kisha `Chats`, kisha `Chat backup`. Hapo juu utaona tarehe za bekapu ya mwisho, ile ya ndani ya simu na ile ya Google. Watu wengi hupata ile ya simu ni ya leo asubuhi, halafu ile ya Google ni ya miezi kadhaa iliyopita, au haipo kabisa.

Sababu ni ya kuudhi kidogo. Bekapu ya Google hungoja waifai, isipokuwa wewe mwenyewe uruhusu `Back up using cellular`. Huko ambako watu wanaishi na waifai kwa nyumba, hiyo si shida. Lakini kama wewe ni msee wa bando ya siku, unanunua asubuhi na kufikia jioni imeisha, simu yako inaweza kukaa mwaka mzima ikingoja waifai haijawahi kuiona. Haikuambii kitu, inangoja tu. Ukiwasha hiyo ya kutumia data, kwanza zima `Include videos`, juu vidio ndizo hula bando. Meseji zenyewe, yale maandishi, ni nyepesi sana.

Sababu ya pili ni nafasi. Google hukupa GB 15 za bure, na hizo unagawana kati ya Gmail, picha zako na bekapu ya WhatsApp. Zamani WhatsApp haikuhesabiwa humo, lakini kuanzia mwaka wa 2024 inahesabiwa. Nafasi ikijaa, bekapu mpya haiingii, na ile ya zamani inabaki pale pale ikizeeka. Kwa hivyo ukiona tarehe imekwama na waifai uko nayo, angalia nafasi kwanza kabla ya kulaumu simu.

Sasa tuchukue mfano tuone vile meseji hugawanyika, juu hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Kuna dem anauza viatu vya mtumba. Anachagua Gikomba, anapiga picha, anatumia wateja kwa WhatsApp. Saizi, nani amelipa dipoziti, nani anataka mzigo upelekwe Rongai, yote iko kwa chati. Bekapu yake ya Google ameiweka ya kila wiki na ya mwisho ilipita Jumapili usiku. Alhamisi saa kumi na mbili jioni, mat ikiwa kwa jam, simu inanyakuliwa kwa dirisha na mwizi anaizima hapo hapo. Ijumaa saa sita mchana dem ako na simu nyingine, na amerudishiwa nambari yake kwa duka la mtandao baada ya kuonyesha kitambulisho. Anafungua WhatsApp, anarudisha bekapu. Anapata nini?

Kila kitu cha kabla ya Jumapili usiku kinarudi. Hizo ziko kwa picha.

Kila kitu kati ya Jumapili usiku na Alhamisi jioni hakirudi. Meseji hizo zilikuwa zimefika kwa simu yake, tiki mbili, kwa hivyo seva ilishazifuta. Na bekapu ya Jumapili haingeweza kuzijua kwa sababu hazikuwa zimetumwa. Bekapu za saa nane usiku za Jumatatu hadi Alhamisi zilipigwa kweli, lakini ziko ndani ya simu iliyoibiwa. Siku nne za oda zimeenda, na hakuna fundi wala apu ya kuzivuta kutoka hewani. Ukiambiwa kuna msee pale mjini "anazitoa kwa WhatsApp yenyewe", weka doo yako kwa mfuko.

Halafu kuna kundi la tatu ambalo watu husahau, zile zilitumwa kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa mchana simu ikiwa imezimwa. Wateja waliona tiki moja. Hizi ziko kwa seva zikingoja, na dem akiingia tu zinaanza kumwagika. Lakini nyingine zitakuja zikiwa na maandishi haya badala ya meseji: `Waiting for this message. This may take a while.`

Hapo wengi hudhani ni intaneti mbaya, wanazima data na kuwasha. Si hiyo. Kila meseji ya WhatsApp hufungwa na kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa simu ya mpokeaji peke yake. Mteja alipotuma Alhamisi usiku, simu yake ilifunga meseji kwa kufuli ya simu ya zamani. Simu mpya imetengeneza ufunguo mpya, kwa hivyo bahasha imefika lakini haifunguki. Simu mpya inachofanya ni kuiuliza simu ya mteja iifunge upya na kuituma tena, na hiyo inafanyika yenyewe mteja akiwa online. Kama mteja hajafungua WhatsApp, utangoja. Dawa ni simu moja tu: "Sasa, hebu fungua WhatsApp kidogo." Usifute hiyo chati, na usifute apu ukidhani utairekebisha, kwa sababu ukiingia tena utatengeneza ufunguo mwingine na kuanza foleni upya.

Zile siku nne zilizopotea nazo, ziko mahali pamoja pengine, kwa simu za wateja. Meseji ina watu wawili, na upande wao haujaguswa. Mteja anaweza kufungua chati yenu, aende kwa menyu, abonyeze `Export chat`, na akutumie faili ya maandishi. Haitaingia ndani ya chati yako, utaisoma tu kama barua, lakini oda na saizi utaziona. Na kama dem alikuwa ameunganisha WhatsApp kwa laptopu, aifungue na kunakili zile oda kabla ya kusajili simu mpya. Laptopu inaweza kuendelea bila simu kwa muda, lakini ukisajili simu mpya tegemea kutolewa.

Tukirudi kwa ile saa ya kurudisha bekapu, hapo kuna mlango mmoja na unafunguka mara moja. Baada ya nambari kuthibitishwa, WhatsApp hutafuta bekapu na kukuonyesha kitufe cha `Restore`. Ili ikuonyeshe, vitu viwili lazima vifanane na vya zamani: nambari ya simu, na akaunti ya Google iliyohifadhi bekapu. Nambari ndiyo watu hukumbuka. Gmail ndiyo huwaangusha. Ulinunua simu ya kwanza, jamaa wa duka akakufungulia Gmail haraka haraka ili Play Store ifanye kazi, na hukuwahi kuandika jina lake wala pasiwadi. Simu ya pili, jamaa mwingine anafungua nyingine mpya. WhatsApp inaangalia kwa hiyo akaunti mpya na kusema hakuna bekapu. Haidanganyi, iko kwa ile nyingine.

Ukiambiwa hakuna bekapu, simama hapo. Usiendelee mbele. Toka, enda kwa mipangilio ya simu, ongeza ile Gmail ya zamani, halafu urudi. Kama hujui pasiwadi, rudisha laini kwanza, kwa sababu Google mara nyingi hutuma kodi ya kurudisha akaunti kwa nambari yako. Na kabla hujanunua hata simu mpya, unaweza kuangalia kama bekapu ipo kwa kutumia kompyuta ya saiba. Ingia kwa akaunti yako, fungua ukurasa huu, uone tarehe:

```
drive.google.com/drive/backups
```

Usisahau kutoka kwa akaunti ukimaliza.

Sasa, kama ulikuwa na haraka ukabonyeza `Skip`, umeingia na chati tupu, bado si mwisho, lakini kila saa inahesabika. WhatsApp haina kitufe cha kurudisha baadaye ukiwa ndani. Na hii ndiyo hatari yenyewe: bekapu mpya kwa akaunti hiyo hiyo ya Google hufunika ile ya zamani. Hakuna kurudi nyuma kuchagua ya mwezi jana. Ukiwasha bekapu kwa hiyo simu tupu, utakuwa umebadilisha miaka mitano ya stori na jioni moja ya "sasa, nimebadilisha simu". Kwa hivyo usiguse `Chat backup`. Futa apu, hakikisha Gmail sahihi iko kwa simu, weka apu tena, thibitisha nambari, na mara hii bonyeza `Restore`. Usirudie rudie kuomba kodi ya SMS, WhatsApp hukufanya ungoje ukiiomba mara nyingi.

Kuna pasiwadi mbili za WhatsApp ambazo watu huchanganya hapa. Moja ni PIN ya nambari sita ya kuingia. Ukiisahau na hukuweka barua pepe ya kuirudisha, utangoja siku 7, lakini utaingia. Nyingine ni ya bekapu yenyewe, kama uliwasha `End-to-end encrypted backup`, kitu kilikuja mwaka wa 2021. Hiyo unaweka pasiwadi yako au unapewa ufunguo wa herufi na nambari 64. Ukiipoteza na simu ya zamani haipo, bekapu hiyo haifunguki, na WhatsApp wenyewe hawana ufunguo wa akiba. Binafsi naona ni kitu poa kama una siri za maana, lakini iandike mahali pa karatasi, si kwa noti za simu hiyo hiyo.

Ukisharudisha, utaona meseji zimerudi na picha ziko na ukungu. Tulia. Maandishi huja kwanza, picha na sauti hufuata nyuma polepole, na kama uko kwa bando zitachukua muda. Ile ya kukutia wasi ni picha inabaki na ukungu hata baada ya siku kadhaa za waifai, na ukiigusa inakuambia faili haipo. Hiyo haikuwa kwa bekapu. Inaweza kuwa ni vidio na `Include videos` ilikuwa imezimwa, au ni picha uliyofuta kwa galari zamani ukitafuta nafasi. Chati ilikumbuka kwamba picha ilikuwepo, lakini yenyewe haikuwepo tena. Na meseji za kupotea zenyewe, zile ulizoziwekea muda, kama muda wake ulipita zitafutwa tu hata kama zilikuwa kwa bekapu.

Hayo yote ni ya msee aliyepoteza simu. Kama simu ya zamani ingali inawaka, hata kama skrini imepasuka, achana na Google kabisa. Tangu 2023 kuna njia ya moja kwa moja kutoka Android hadi Android. Kwa simu ya zamani enda `Settings`, `Chats`, `Transfer chats`. Kwa mpya weka WhatsApp, thibitisha nambari ile ile, na ukubali kuhamisha kutoka simu ya zamani. Simu mpya itaonyesha QR, ya zamani itaipiga picha. Washa waifai na lokesheni kwa zote mbili. Waifai hapa si ya kuingia intaneti, ni ya simu hizo mbili kuongea zenyewe, kwa hivyo bando haiguswi, na vidio zinaingia pia. Ziweke kando kando, kwa chaja, usizime skrini. Faida kubwa ni kwamba unahamisha hali ilivyo dakika hiyo, si picha ya Jumapili.

Na kama simu ya zamani inawaka lakini hiyo njia imekataa, ile nakala ya saa nane usiku bado iko ndani. Kaa nayo hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Nakili folda nzima ya `com.whatsapp` kwa kebo au memori kadi, iweke kwa simu mpya mahali pale pale, halafu ndio uweke apu na kubonyeza `Restore`. Humo ndani utapata faili za siku chache zilizopita, zenye tarehe kwa jina. Ile isiyo na tarehe ndiyo ya mwisho. Kama chati ilifutwa jana na unataka ya juzi, chukua ile ya juzi na uondoe tarehe kwa jina lake, yaani hii:

```
msgstore-2025-03-09.1.db.crypt14
```

iwe hivi:

```
msgstore.db.crypt14
```

Ile nambari ya mwisho, 14 au 15, iache vile umeipata. Ukiibadilisha haitafunguka. Na hiyo faili iliyokuwa na jina hilo kabla, ibadilishe jina, usiifute. Jua pia kwamba ukirudi juzi, za jana na leo hazimo.

Kwa wale wanahama kwenda iPhone, hapa kuna mtego. Bekapu ya Google haisomwi na iPhone, na ya iCloud haisomwi na Android. Kuhama kutoka Android kuna apu ya Apple inaitwa Move to iOS, na unaitumia iPhone ikiwa mpya kabisa au imefutwa yote. Ukishaianza kuitumia, ukaweka picha na apu zako, itabidi uifute tena ili chati ziingie. Kwa hivyo usiruhusu muuzaji akuwekee kila kitu pale kaunta kama hujahamisha WhatsApp. Na ukimaliza, washa bekapu ya iCloud mwenyewe, haijiwashi kwa sababu chati zimehama.

Simu ya zamani usiiuze wala kuifuta siku hiyo. Ikae siku mbili tatu. Kwa simu mpya, tafuta chati ya zamani kabisa uliyo nayo, panda hadi juu, fungua picha moja, na ucheze sauti moja hadi mwisho. Ikicheza bila intaneti, iko ndani ya simu. Kisha rudi kwa `Chat backup`, piga bekapu mpya, na ungoje hadi uone tarehe ya leo kwa upande wa Google. Hapo sasa unaweza kuita mnunuzi.